Kufichua maana za majina katika riwaya: tuisome Kairo kutoka Mombasa

Msomaji wa Kairo aliyeishika riwaya ya Najib Mahfudh ya mwaka 1961, ile iitwayo kwa Kiarabu Al-Liss wal-Kilab, Mwizi na Mbwa, alikutana humo na mwizi ambaye jina lake ni "mwenye furaha", mke aliyemsaliti ambaye jina lake ni "wa Mtume", na tajiri asiyekuwa na imani ambaye jina lake ni "mwenye huruma nyingi". Msomaji wa Mombasa anayeisoma kwa tafsiri ya Kiingereza anakutana na Said, Nabawiyya na Rauf. Mtafsiri hakukosea. Jina la mtu halitafsiriwi. Huchukuliwa sauti yake ikaandikwa kwa herufi nyingine, na maana ikabaki kule ilikotoka. Kazi ya mwongozo huu ni kuonyesha jinsi ya kuifuata maana hiyo mpaka kwao, kisha kujua kama mwandishi aliikusudia au umeizua wewe.

Nimechagua riwaya hii moja na nitakaa nayo, kwa sababu sisi wa pwani tunaikabili tukiwa na nusu ya ufunguo mkononi. Aliyepita chuoni utotoni anazitambua herufi za Kiarabu hata kama lugha yenyewe haisemi, na Kiswahili anachozungumza kimejaa maneno yaliyozaliwa na mizizi ileile iliyozaa majina ya wahusika hawa. Faida hiyo hiyo ndiyo inayotuponza, kama utakavyoona tukifika kwa jina la mtoto.

Kwa asiyeisoma bado, kisa chenyewe ni hiki. Said Mahran anatoka jela baada ya miaka minne. Akiwa kifungoni, mkewe Nabawiyya aliachana naye akaolewa na Ilish Sidra, aliyekuwa mfuasi wake katika wizi. Binti yake Sana hamjui tena. Rauf Ilwan, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi na ndiye aliyemfundisha kwamba kuwaibia matajiri ni haki, sasa ni mwandishi mkubwa wa gazeti anayekaa kwenye jumba la fahari. Said anaazimia kulipiza kisasi, lakini risasi zake zinawaua watu wasio na hatia. Wanaompokea ni wawili tu: Sheikh Ali al-Junaydi, na Nur, mwanamke anayeuza mwili wake, ambaye nyumba yake iko karibu na makaburi. Mwisho polisi wanamzingira makaburini wakiwa na mbwa.

Hatua ya kwanza: orodhesha majina kabla ya kutafuta maana

Chukua daftari. Kila mhusika mwenye jina mpe mistari yake mitatu minne: jina kamili kama lilivyoandikwa kitabuni, ukurasa alipotokea mara ya kwanza, na jambo kubwa analolifanya. Acha nafasi ya maana wazi, usiijaze kitu. Halafu soma riwaya mpaka mwisho.

Utaratibu huu una sababu. Ukishajua kwamba Nur ni nuru, kila taa itakayowashwa kitabuni utaiona ni yake. Lakini ukiandika kwanza, kwa macho matupu, kwamba "Said anakaa gizani nyumbani kwa Nur, hawashi taa", basi utakapoijua maana utakuwa na ushahidi ulioupata kabla ya kuwa na hamu ya kuupata. Andika pia mahali ambapo jina linakaa karibu na maneno ya aina moja: mwanga na giza, juu na chini, ukarimu na uchoyo, furaha na huzuni. Usijaribu kuyafafanua. Weka namba ya ukurasa tu uendelee.

Hatua ya pili: lipate jina kwa maandishi yake ya asili

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu, Mji wa Kale, aliisoma tafsiri ya Kiingereza akaja barazani na jibu lake tayari. "Mjomba, huyu mtoto Sana si ndiyo 'sana' yetu? Anapendwa sana." Wazo lilimkaa vizuri, maana kweli Said anampenda binti huyo kuliko kitu chochote. Nikamwambia, "Mwanangu, niandikie kwanza kwa Kiarabu." Akaandika kwa sini, nuni, alifu, akasita. "Mwisho pana nini? Hamza au aini? Au mwanzo ni swadi?"

Maswali yake ndiyo kiini cha hatua hii. Herufi za Kilatini ni chache kuliko sauti za Kiarabu, kwa hiyo zinabeba majina tofauti kwa umbo moja. Sini na swadi zote huandikwa "s". Aini hudondoka kabisa. Hamza ya mwisho hudondoka pia. Irabu ndefu hufupishwa. Ukiona "Sana" kwa Kilatini huwezi kujua kama ni jina la mtoto, au ni mji mkuu wa Yemeni ambao ni صنعاء, wenye swadi na aini, au ni jina jingine kabisa, ثناء, lenye thee mwanzoni na maana ya sifa, ambalo Wamisri wengi hulitamka kwa "s" na hivyo likaandikwa vilevile. Na "sana" yetu ya Kiswahili haina uhusiano wowote na jina la huyu mtoto. Zimefanana sura tu.

Njia ya kulipata jina la asili ni fupi ukiwa na simu. Fungua ukurasa wa riwaya katika Wikipedia ya lugha yoyote, bonyeza orodha ya lugha, chagua ile iliyoandikwa العربية. Utafika kwenye ukurasa wa Kiarabu wenye wahusika. Kama hakuna, au kama unataka kuhakikisha, tafuta moja kwa moja kwa maneno haya, yenye jina la riwaya, jina la mwandishi, na neno "wahusika":

```
اللص والكلاب نجيب محفوظ شخصيات
```

Huna haja ya kuelewa kurasa zitakazotoka. Unachotafuta ni majina tu, na kwa aliyesoma chuoni, kutambua سعيد مهران katikati ya maandishi ni kazi ya dakika moja. Asiyejua herufi amtafute mtoto yeyote wa chuo, amsomee. Nakili jina, libandike kwenye simu yako, kisha liandike pia daftarini kwa mkono wako herufi kwa herufi, kwa sababu hatua inayofuata inataka uzihesabu.

Haya ndiyo majina yetu: سعيد مهران kwa Said Mahran, نبوية kwa Nabawiyya, سناء kwa Sana, عليش سدرة kwa Ilish Sidra, رءوف علوان kwa Rauf Ilwan, نور kwa Nur, na علي الجنيدي kwa Sheikh Ali al-Junaydi. Rauf utamkuta pia ameandikwa رؤوف, na zote mbili ni sawa. Hamza ndiyo iliyobadilishiwa kiti.

Hakikisha jina kwenye kurasa mbili zisizonakiliana. Watu wanaoandika muhtasari mitandaoni hukosea herufi, na kosa la herufi moja linakupeleka kwenye mzizi wa watu wengine.

Hatua ya tatu: toa nyongeza, ubaki na mzizi

Maneno mengi ya Kiarabu husimama juu ya herufi tatu, na kamusi kubwa za lugha hiyo hupangwa kwa herufi hizo tatu, si kwa herufi ya kwanza ya neno kama zilivyo kamusi zetu. Usipoutoa mzizi kamusi haitakusaidia.

Kwa majina, nyongeza za kutoa si nyingi. Irabu ndefu ya katikati hutoka: سعيد ukiitoa yee inabaki sini, aini, dali. رءوف ukiitoa wau inabaki ree, hamza, fee. Alifu na nuni za mwisho hutoka: مهران inabaki mimu, hee, ree, na علوان inabaki aini, lamu, wau. Yee ya mwisho inayoonyesha uhusiano, yaani "wa fulani" au "wa mahali fulani", nayo hutoka; ikiwa mwenye jina ni mwanamke itafuatiwa na ile tee iliyofungwa. Hivyo نبوية ni "ya Nabii" kwa umbo la kike. Hili halitakusumbua, kwa sababu Msikiti wa Mtume ulioko Madina unauita Masjid Nabawi tangu utotoni.

Sasa rudi kwa Said. Kwenye vitabu vya Kiingereza utakuta Said, Saeed, Sayed na Sayyid zimechanganywa kama nazi na tui, lakini hayo ni majina mawili. سعيد ina aini, nayo inahusu furaha na bahati njema. سيد haina aini. Mzizi wake ni mwingine, nao unahusu ubwana na uongozi. Historia yetu wenyewe inatukumbusha jambo hili: mtawala wa Zanzibar aliyeitwa Seyyid Said alikuwa na majina yote mawili, moja la cheo na moja lake. Anayesoma riwaya hii akidhani mwizi wetu anaitwa "Bwana" atajenga tafsiri nzima kuhusu ubwana uliopotea, na tafsiri hiyo itakuwa nzuri na ya uongo.

Hatua ya nne: kiulize Kiswahili, kisha ukamilishe kwa kamusi

Ukiwa na herufi tatu, kabla ya kufungua kamusi jiulize ni maneno gani ya Kiswahili yamebeba herufi hizo kwa mpangilio huo. Sini, aini, dali: tunasema "heri na saada", tunasema msaada, tunasema saidia. Mimu, hee, ree: tunasema mahiri. Nur haihitaji kuulizwa. Aini, lamu, wau: tunasema Mwenyezi Mungu Taala, aliyetukuka, na tunamwita mtoto Ali.

Kwa Rauf huenda usipate neno la kila siku, lakini utapata aya. Sura ya Tauba inapokaribia kumalizika inamsifu Mtume kuwa kwa waumini ni raufu, rahimu. Na Ar-Rauf ni miongoni mwa majina ya Mungu yanayosomwa katika yale tisini na tisa. Kwa msomaji wa Kairo hiyo ndiyo sauti inayolia jina hilo likitajwa: huruma ya hali ya juu kabisa.

Jina la mtoto nalo linafunguka kwa njia hiyo hiyo. Mzizi wake ndio uliozaa neno "sana" la Kiarabu lililomo katika Sura ya Nur, aya ya 43, inapoelezwa kwamba mng'aro wa umeme unakaribia kuyaondoa macho. Jina lenyewe, likiwa na hamza mwishoni, lina maana ya mng'aro na utukufu. Angalia basi tulipofika: binti anaitwa mng'aro na mwanamke anayempenda Said anaitwa mwanga. Majina hayo mawili kwa Kilatini, Sana na Nur, hayaonyeshi hata chembe ya undugu. Kwa Kiarabu yanakaa pamoja.

Halafu fungua kamusi, kwa sababu Kiswahili kinakupa upande mmoja tu wa mzizi. Mtandaoni, Wiktionary ina kurasa za mizizi. Andika herufi tatu ukiziachanisha, kwa mfano `س ع د`, utaletewa maneno yaliyotoka humo. Tovuti ya almaany.com hukubali neno zima lilivyo. Kwa anayetaka kitabu, kamusi ya Hans Wehr imepangwa kwa mizizi na inapatikana kwa tafsiri ya Kiingereza. Said utamtafuta kwenye sini, aini, dali, si mahali pengine.

Kamusi ndiyo itakayokuonyesha kwamba mzizi mmoja huwa na familia mbili. Mimu, hee, ree ya Mahran ndiyo iliyozaa mahiri, na ndiyo iliyozaa mahari. Sasa utamani lipi? Said ni mwizi hodari, na pia ni mume aliyeporwa mke. Mahari inavutia. Lakini turudi kwenye daftari la hatua ya kwanza: kurasa ngapi zinazungumzia ustadi wake, wepesi wake wa kuruka kuta na kuingia majumbani, na kurasa ngapi zinazungumzia posa na mahari? Ustadi unajaa, mahari haisikiki. Chukua mahiri, na iandike mahari pembeni kwa penseli kama uwezekano uliokosa ushahidi.

Neno moja kuhusu zile tovuti za majina ya watoto. Zimeandikwa kwa ajili ya wazazi, na mzazi hupewa maana inayopendeza. Utakuta jina moja limepewa maana sita, zote tamu, bila mzizi hata mmoja. Usizitumie hata kama zinatoka juu kabisa unapotafuta.

Kuna jina moja ambalo njia ya mzizi inakwama nalo: al-Junaydi. Ukitoa yee ya mwisho unabaki na Junayd, na ukiufuata mzizi unafika kwenye jeshi, jambo lisilomhusu sheikh mpole anayekaa na mlango wazi akimtaja Mungu. Jina likikataa hivi, acha neno utafute mtu. Junayd wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 910, ni miongoni mwa masufi wakubwa wanaotajwa mpaka leo, na "al-Junaydi" ni kunasibishwa naye. Watu wa Mombasa wanaijua nasaba ya namna hii: mtu akiitwa Shirazi au Barwani humuulizi mzizi, unamuuliza ametoka wapi.

Hatua ya tano: pima kama mwandishi alikusudia

Mpaka hapa umepata maana. Hujapata bado kusudi. Wamisri maelfu huitwa Said bila ya mtu kuwaandikia riwaya. Nabawiyya lilikuwa jina la kawaida la mwanamke wa Misri. Ukikimbilia kusema "mwandishi ametuficha siri", mwenzako ana haki ya kukuuliza: umejuaje?

Mimi hutumia vipimo vitatu, na hutaka jina lipite angalau viwili.

Cha kwanza ni kuuliza kama mwandishi alikuwa na jina jingine la kutumia akaliacha. Kwa riwaya hii jibu linajulikana. Mwaka 1960 magazeti ya Misri yalijaa habari za mwizi na muuaji aliyesakwa na polisi hadi akauawa, na kisa hicho ndicho kilichompa Mahfudh mwanzo wa riwaya. Mtu huyo aliitwa Mahmud Amin Sulayman. Mahfudh alichukua msako, akaliacha jina, akamwita mtu wake Said Mahran. Jina lililowekwa mahali pa jina jingine limechaguliwa, hapo hatubahatishi.

Cha pili ni kuona kama matendo ya mhusika yanagongana na jina lake au yanalitimiza kwa namna inayorudiarudia. Cha tatu, ambacho kwangu ndicho kizito zaidi, ni kuona kama maandishi yenyewe yanaligusa neno lililomo ndani ya jina.

Mpime Nur. Said amejificha nyumbani kwake. Mchana Nur hayupo, na usiku anapochelewa Said anakaa gizani asithubutu kuwasha taa, kwa sababu majirani wakiona mwanga watajua kuna mtu. Nur akija, mwanga unakuja naye. Kisha siku moja Nur harudi tena, wala hatuambiwi alikokwenda, na Said anabaki katika giza lile akigundua kwamba alimpenda. Kwa Kiarabu hukumu hiyo inasikika bila ya mtu kuitamka: nuru imeondoka, giza limebaki. Jina, tendo na neno vimekutana mahali pamoja. Hapa naandika kwa wino.

Mpime Rauf. Said anamwendea siku ya kutoka jela, anakaribishwa chakula, kisha anapewa noti mbili za pauni tano na kuonyeshwa kwamba asitegemee zaidi. Usiku huohuo Said anarudi kuiba nyumba hiyo, Rauf anamnasa, anamtishia polisi, na kabla ya kumfukuza anazidai zile noti zake. Mwenye jina la huruma ya juu kabisa anatoa pauni kumi na kuzirudisha mfukoni. Kipimo cha pili kimepita waziwazi, na cha kwanza pia, maana Rauf ni mtu aliyeumbwa na mwandishi. Kwa wino.

Mpime Said mwenyewe. Ukurasa wa kwanza anatoka lango la jela, na kinachomngoja ni suti yake ya buluu na viatu vya mpira. Hakuna binadamu aliyekuja kumpokea. Anatembea katika vumbi na joto akiangalia nyuso zisizotabasamu. Mwandishi ameweka jina la furaha katikati ya mtaa usio na furaha mara tu lilipotajwa. Kwa wino tena.

Nabawiyya yuko katikati. Msaliti mwenye jina linalotokana na Mtume ni mgongano mkali, lakini jina lilikuwa la kawaida mno katika tabaka lake, na sijaona maandishi yakiligusa. Naandika kwa penseli.

Sasa Sidra, jina la pili la Ilish, kwa sababu ndilo linalowadanganya watu wa kwetu kuliko mengine. Sidra ni mkunazi. Mara moja akili ya mtu wa pwani inakwenda kwenye majani ya mkunazi yanayotumika kumuosha maiti, na kwenye Sidratul Muntaha ya usiku wa Miraji. Riwaya ina makaburi, ina vifo, ina sheikh. Unaweza kuandika kurasa nzima. Lakini rudi kitabuni utafute mti huo, au kuoshwa kwa maiti, au kupaa mbinguni panapomhusu Ilish. Sikupata kitu. Maana ni ya kweli, uhusiano umetoka kichwani mwetu. Ifute. Na Shaaban Husein, yule mtu aliyehamia nyumba ya Ilish akauawa kwa kukosewa, usimtafutie siri katika mwezi wa Shaaban. Ana jina la mtu yeyote wa mtaani, na hilo linatosha kwa mtu aliyekufa bila ya kuhusika.

Baada ya kuyapima moja moja, yaweke majina yote ya Kiarabu kwenye ukurasa mmoja uyatazame pamoja, kwa sababu kuna mambo yanayoonekana kwa kundi tu. Tazama haya matatu: علي, عليش, علوان. Sheikh Ali, Ilish, Ilwan. Kwa Kiingereza hayafanani. Kwa Kiarabu yote yanaanza na aini na lamu, Ilish ni herufi za Ali zikiongezwa shini, na mzizi wa Ali na Ilwan ni mmoja, ule wa kuwa juu. Sheikh yuko juu kwa njia ya roho naye hana mali. Ilwan amepanda juu kwa gazeti na jumba. Ilish, aliyekuwa chini ya Said, amepanda kwa kumpora mke, mtoto na mali. Na Said, katikati yao, ndiye mtu pekee ambaye kupanda kwake ni kwa kuruka kuta. Mahfudh hakutuachia maelezo kwamba alizipanga herufi hizi kwa makusudi, nami siwezi kuapa kwa ajili yake. Lakini kupanda na kuporomoka kumejaa katika riwaya, ushahidi uko kwenye kurasa nilizoziandika kabla ya kuyaona majina, na kwa hiyo nimeiandika kwa penseli nzito.

Ukihama Kiarabu, kinachobadilika ni hatua ya tatu

Kuorodhesha, kutafuta maandishi ya asili, na kupima kusudi vinabaki vilevile popote. Kinachobadilika ni namna ya kulivunja jina. Kwa Kirusi huna herufi tatu. Una kiambishi cha mwisho cha kutoa. Raskolnikov, muuaji katika riwaya ya Dostoyevski ya 1866, ukimtoa "-ov" unabaki na raskolnik, yaani mtu aliyejitenga na kanisa, na ndani yake raskol, mpasuko. Mwenzake Razumikhin amebeba razum, akili. Huko pia anza na herufi zao wenyewe, Раскольников, uzibandike kwenye kamusi.

Kwa Kiigbo jina mara nyingi ni sentensi nzima au ni siku. Okonkwo wa Chinua Achebe, katika riwaya ya 1958, amebeba Nkwo, moja ya siku nne za soko katika juma la Waigbo, kama sisi tunavyomwita mtoto Juma au Khamisi kwa siku aliyozaliwa. Tena Achebe amemrahisishia kazi msomaji asiyejua lugha: katika sura ya 9 anaeleza mwenyewe majina ambayo Ekwefi, mke wa Okonkwo, aliwapa watoto waliokuwa wakimfia, likiwemo Onwumbiko, ambalo ni ombi kwa kifo chenyewe. Anza na sura hiyo kabla ya kufungua kamusi yoyote ya Kiigbo. Utajifunza humo jinsi Waigbo wanavyozungumza ndani ya jina, na majina mengine ya kitabu hicho utayavunja ukiwa na mfano wa mwandishi mwenyewe mbele yako.